Affect au effect: utajuaje uandike lipi

Mtu anayejua Kiswahili hachanganyi "kuathiri" na "athari". Hasemi "mvua imeathari barabara", wala hasemi "tumeziona athiri za mvua". Sikio linakataa kabla hata hajawaza sarufi.

Kiingereza kina jozi inayofanana sana na hiyo. *Affect* ni kitenzi, maana yake kuathiri. *Effect* ni nomino, yaani athari yenyewe au matokeo. Sisi tunatenganisha athiri na athari kwa irabu moja ya katikati, na Kiingereza kinatenganisha maneno yake kwa irabu moja ya mwanzo. Shida ni kwamba irabu hiyo ya mwanzo haina mkazo. Mkazo uko kwenye "-fect", na katika mazungumzo ya haraka ile "a" na ile "e" humezwa, hata wazungumzaji wengi wa Kiingereza huyatamka maneno haya karibu sawasawa. Ndiyo maana waliozaliwa na lugha hiyo nao hukosea, na ndiyo maana kutegemea sikio hakusaidii. Inabidi utazame neno limekaa wapi katika sentensi.

Kama unahitaji kitu cha kushika kichwani, shika hiki: A hutangulia E katika alfabeti, kama kitendo kinavyotangulia matokeo yake. Lakini usijaribu kushikilia herufi ya kwanza ya Kiswahili. Athiri na athari zote zinaanza kwa A, na mwanafunzi aliyejiwekea "A ya athari" ataandika *affect* kila mahali. Kwa nomino, afadhali uwe unawaza "matokeo".

## Jambo moja, sentensi mbili

Njia nzuri ya kuona tofauti ni kuchukua jambo lilelile na kulisema mara mbili, mara moja kwa kitenzi na mara ya pili kwa nomino.

| Kwa *affect* | Kwa *effect* | Maana |
|---|---|---|
| The noise affects my sleep. | The noise has an effect on my sleep. | Kelele zinaathiri usingizi wangu. / Kelele zina athari kwa usingizi wangu. |
| How does coffee affect you? | What effect does coffee have on you? | Kahawa inakuathiri vipi? / Kahawa ina athari gani kwako? |
| The cold did not affect the battery. | The cold had no effect on the battery. | Baridi haikuiathiri betri. / Baridi haikuwa na athari kwa betri. |
| The delay affected everyone. | Everyone felt the effects of the delay. | Ucheleweshaji uliathiri kila mtu. / Kila mtu alizihisi athari za ucheleweshaji. |

Safu ya kushoto ni fupi kila mara. *Affect* hubeba sentensi peke yake: kinachoathiri, halafu *affect*, halafu kinachoathirika. *Effect*, kwa kuwa ni nomino, haiwezi kusimama bila kitenzi kingine cha kuishika mkono. Tazama safu ya katikati: *has*, *does… have*, *had*, *felt*. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kutumia. Ziba neno lako kwa kidole, usome maneno yaliyobaki. Kama sentensi imebaki bila kitenzi kikuu, hata ikibakiwa na *does* au *did*, pengo hilo ni la *affect*. Kama kitenzi kipo tayari na kinachokosekana ni kitu kinachomilikiwa, kinachoonekana au kinachohisiwa, pengo ni la *effect*.

Mstari wa pili wa jedwali uangalie kwa makini zaidi, kwa sababu maswali ndiyo huwaponza wengi. Swali likianza na *how*, kwa kawaida neno ni *affect*. Likianza na *what* na pengo likaja mara tu baada yake, ni *effect*. "How will this…" inadai kitenzi, na "What… will this have" inadai nomino.

## Kinachotangulia na kinachofuata

Kipimo cha pili hakihitaji kuelewa sentensi nzima. Angalia neno lililo mbele ya pengo. Vijineno *a*, *an*, *the*, *any*, *no* na *its* hutangulia nomino, kwa hiyo huleta *effect*: *an effect*, *the effect*, *any effect*, *no effect*. Upande wa pili, *will*, *can*, *may*, *might*, *does not* na *did not* hutangulia kitenzi, kwa hiyo huleta *affect*: *will affect*, *may affect*, *did not affect*. Kile kijineno *an* hakikuambii kama herufi inayofuata ni A au E, maana zote ni irabu, ila kinakuambia kwamba kinachokuja ni nomino, na hilo linatosha.

Kisha angalia nyuma ya pengo. *Affect* hushika kitu chake moja kwa moja, kama kuathiri kunavyofanya: *affect me*, *affect the price*, *affect our plans*. Hakuna kijineno katikati. *Effect* inapotaka kutaja kilichoguswa huhitaji *on*, na inapotaja chanzo huhitaji *of*. Umbo lake kamili ni hili: *the effect of heat on milk*, yaani athari ya joto kwa maziwa. Ukiona *on* mara tu baada ya pengo, karibu kila mara neno sahihi ni *effect*.

Hapa kuna kosa linalotoka kwa mtu aliyechanganya miundo miwili: "The heat affected on the milk." Kitenzi ni sahihi, ila *on* imetoka kwenye muundo wa nomino. Iondoe, au geuza sentensi nzima iwe "The heat had an effect on the milk". Kosa la pili la namna hiyo ni "effect to" au "effect for", na hili tunalileta sisi wenyewe kutoka nyumbani. Sisi husema athari *kwa* kitu, na hiyo "kwa" tunaitafsiri vyovyote itakavyokuja mdomoni. Kiingereza hapa kina jibu moja tu, nalo ni *on*.

Kipimo cha neno linalotangulia kina mtego mmoja, nao ni *to*. Mara nyingi *to* huja kabla ya kitenzi: "This is going to affect us." Lakini kuna misemo michache ambamo *to* hutangulia nomino: "She used the pause to great effect", alikitumia kituo kile akapata alichokusudia, "I tried twice, to no effect", nilijaribu mara mbili bila mafanikio, "He said he was tired, or words to that effect", alisema amechoka, au maneno yenye maana hiyo. Utaitambua misemo hii kwa sababu kati ya *to* na *effect* pana neno jingine: *great*, *no*, *that*. Ukikuta *to* imegusana na pengo moja kwa moja, andika *affect*, ukiacha lile umbo la kiofisi tutakalolifikia.

Neno la katikati nalo lina habari zake. Linganisha *an adverse effect* na *adversely affect*. Neno lenye "-ly" mwishoni hueleza kitenzi, na lisilo na "-ly" hueleza nomino. *A direct effect*, lakini *directly affect*. *A serious effect*, lakini *seriously affect*. Kwa anayeandika ripoti, kipimo hiki kinaokoa muda kuliko vyote, kwa sababu katika ripoti *affect* na *effect* mara nyingi huja na neno la kuzipima uzito.

## Ile "s" ya mwisho

Wengi wanaofaulu mahali pengine huanguka kwenye *affects* na *effects*, na sababu iko wazi ukiangalia Kiingereza kinavyoitumia "s". Kwenye nomino, "s" ni alama ya wingi: *one effect, two effects*. Kwenye kitenzi, "s" ni alama ya umoja: *it affects*, lakini *they affect*. Herufi ileile, kazi mbili zinazopingana. Anayefikiri kwa Kiswahili amezoea kwamba wingi huonekana mwanzoni mwa neno na unaambatana sentensi nzima, kwa hiyo "s" hii inayobadili maana haimkai vizuri.

Weka hizi nne pamoja uzisome polepole:

"This affects everyone." Jambo hili linaathiri kila mtu.

"This effect surprised everyone." Athari hii ilimshangaza kila mtu.

"These changes affect everyone." Mabadiliko haya yanaathiri kila mtu.

"These effects surprised everyone." Athari hizi zilimshangaza kila mtu.

*This* na *these* haziwezi kukusaidia peke yake, kwa maana zinaweza kusimama kama mtenda wa sentensi au kama kionyeshi cha nomino. Rudi kwenye kipimo cha kidole. Katika sentensi ya kwanza ukiziba neno, hubakiwi na kitenzi. Katika ya pili kitenzi *surprised* bado kipo.

Mtego mbaya kuliko wote hapa ni huu: "The drug affects the heart" dhidi ya "the drug's effects on the heart". Zitamke kwa haraka na utaona hazitofautiani sana. Ya kwanza ni sentensi kamili: dawa inaathiri moyo. Ya pili haijafika mwisho: athari za dawa kwa moyo, bado tunangoja kuambiwa zimefanyaje. Alama ile ndogo ya mkato wa juu kabla ya "s" ni alama ya umiliki, na kinachomilikiwa lazima kiwe nomino. Kwa hiyo baada ya *the drug's*, *her*, *their* au *my*, andika *effect* au *effects*.

Maumbo ya "-ed" na "-ing" ni mepesi. Nomino haichukui miisho hiyo, kwa hiyo ni *affected* na *affecting*, isipokuwa kwa kisa kimoja tu kilicho mbele. Walioathirika ni *those affected* au *the people affected*. Kuathiriwa na kitu ni *affected by*. Anayeandika "effected by the flood" amekosea, hana utetezi.

## Mahali ambapo kutafsiri kunadanganya

Kipimo cha kuathiri na athari kinafanya kazi kwa sentensi nyingi za kila siku, ila kuna mahali Kiingereza kinatumia *effect* na Kiswahili hakitaji athari kabisa. Hapo ukitegemea tafsiri utakwama.

Dawa ndiyo mfano ulio karibu. "The painkiller is taking effect" maana yake dawa ya maumivu imeanza kufanya kazi. Hakuna atakayesema kwa Kiswahili kwamba dawa inachukua athari. Vivyo hivyo "the medicine had no effect" ni dawa haikusaidia kitu. Kwetu athari ina harufu ya ubaya, na tukiambiwa dawa ina athari tunaogopa. *Effect* ya Kiingereza haina upande: inaweza kuwa nzuri au mbaya, na mbaya za dawa zimepewa jina lake, *side effects*, zile tunazoziita madhara. Kwa hiyo sentensi "The drug has an effect" ni habari njema kwa mgonjwa, na "The drug has side effects" ni onyo.

Sheria na ratiba ndizo zinazofuata. *Take effect* na *come into effect* ni kuanza kutumika: "The new rule takes effect on Monday." *With effect from* ni kuanzia tarehe fulani: "with effect from 1 July". *Still in effect* ni bado inatumika. Katika misemo hii yote neno ni *effect*, na hakuna hata mmoja unaopokea *affect*. Ukiona *take*, *come into*, *put into* au *with* inagusana na pengo, usifikiri zaidi.

*In effect* ikiwa peke yake katikati ya sentensi ina maana nyingine tena: kwa hakika, ukitazama kiini chake. "They doubled the hours and kept the pay, which is in effect a pay cut." Wameongeza saa mara mbili na mshahara ni uleule, kwa hakika mshahara umepunguzwa.

Halafu kuna *effects* zisizo athari hata kidogo. *Personal effects* ni vitu binafsi vya mtu, nguo, saa, simu, hasa vinapokabidhiwa baada ya safari au kifo. *Sound effects* ni milio inayotiwa kwenye filamu au mchezo wa redio. Zote ni nomino, zote ni E.

## Effect kama kitenzi: kisa cha ofisini

Mpaka hapa kanuni imekuwa moja: kitenzi A, nomino E. Kuna mahali inavunjika, na kwa bahati mbaya ni mahali penye fedha. *Effect* inaweza kuwa kitenzi chenye maana ya kutekeleza, kukamilisha, kulifanya jambo litokee. Hutumika na vitu vichache vinavyojulikana: *effect payment*, *effect a transfer*, *effect repairs*, *effect an arrest*, *effect change*. Huisikii nyumbani. Makazi yake ni barua rasmi, mikataba na maelekezo ya benki.

Tofauti na *affect* ni hii. *Affect* hugusa kitu kilichopo tayari. *Effect* ya kitenzi hukileta kitu ambacho hakikuwepo. "The manager affected the change" maana yake mabadiliko yalikuwa yanaendelea na meneja akayaathiri kwa namna fulani, labda akayachelewesha. "The manager effected the change" maana yake ndiye aliyeyaleta. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, ndiyo sababu kosa hili halionekani mpaka mtu aulize nani alifanya nini.

Kipimo chake ni kuweka *make* au *carry out* mahali pa neno. "They will effect the payment", "they will make the payment", maana haikubadilika, basi ni *effect*. "The strike will affect the payment", ukiweka *make* unapata mgomo utakaolipa watu fedha, jambo lisilo na maana, basi ni *affect*.

Kama huandiki hati ya kisheria, ushauri ni mfupi: andika *make the payment* au *pay* na uachane na *effect* ya kitenzi. Hakuna msomaji atakayeikosa.

## Tangazo lenye makosa sita

Tuchukue tangazo fupi la chuo kinachobadilisha ratiba. Kila *affect* na kila *effect* iliyomo imeandikwa vibaya.

> Please note that the new timetable will take affect on Monday. It will effect all evening classes, but it has no affect on the morning ones. Students effected by the change should visit the office. We do not expect any lasting affects. Refunds will be affected within seven days.

La kwanza ni *take affect*. Kitenzi *take* kipo, na msemo ni ule wa kuanza kutumika. Sahihi ni *will take effect on Monday*. Angalia kwamba hapa *on* imefuata neno, lakini ni *on* ya siku, *on Monday*, si *on* ya kinachoathirika. Jibu limekuja sawa, ila kwa sababu nyingine. Ndiyo maana kipimo cha *on* hakitumiki peke yake: "The storm affected us on Monday" ina *on* isiyohusika kabisa, na pale kitenzi ndicho sahihi.

La pili, *will effect all evening classes*. Mbele kuna *will*, nyuma kuna kitu kinachoguswa moja kwa moja, na ukiziba neno hubakiwi na kitenzi kikuu. Sahihi ni *will affect*. Ukiiacha ilivyo, na msomaji akaichukua kwa uzito wake, ratiba mpya itakuwa ndiyo inayoyaleta madarasa ya jioni, kana kwamba hayakuwepo.

La tatu, *has no affect on*. Kuna *has*, kuna *no*, kuna *on*. Dalili tatu zinaelekea upande mmoja: *has no effect on*.

La nne, *students effected by*. Mwisho wa "-ed" na *by*: *affected by*. Ukijaribu kipimo cha *make* unapata wanafunzi waliotengenezwa na mabadiliko.

La tano, *any lasting affects*. *Lasting* ni neno la kueleza lisilo na "-ly", *any* iko mbele yake, na "s" hapa ni ya wingi. Sahihi ni *any lasting effects*.

La sita ndilo la hatari, na ndilo ambalo mhariri aliyechoka huliacha lipite. *Refunds will be affected within seven days* haina kosa la sarufi. Aliyesoma sehemu iliyotangulia ya tangazo, ambako *effected* ilisahihishwa kuwa *affected*, anaweza hata kujivunia kwamba hii tayari iko sawa. Lakini sentensi inasema marejesho ya ada yataathiriwa ndani ya siku saba, yaani huenda yatapunguzwa au kucheleweshwa. Chuo kilitaka kusema yatatekelezwa. Kipimo cha *make* kinajibu mara moja: *refunds will be made*, ndiyo. Kwa hiyo sahihi ni *will be effected*, au kwa lugha ambayo haitamtisha mwanafunzi yeyote, *will be paid*.

> Please note that the new timetable will take effect on Monday. It will affect all evening classes, but it has no effect on the morning ones. Students affected by the change should visit the office. We do not expect any lasting effects. Refunds will be paid within seven days.

## Affect za nadra

Maana mbili zimebaki, na kwa mwandishi wa kawaida zinatosha kutambuliwa tu. *Affect* inaweza kuwa kujifanya: "He affected surprise", alijifanya ameshangaa. Kutoka hapo ndipo mtu mwenye maringo ya kuigiza katika usemi wake huitwa *affected*. Na katika taaluma ya afya ya akili kuna *affect* iliyo nomino, yenye mkazo mwanzoni, AFF-ect, maana yake namna hisia za mtu zinavyoonekana usoni na sautini. Mtaalamu akiandika *flat affect* anamwelezea mgonjwa ambaye uso na sauti havionyeshi hisia. Nje ya maandishi hayo, *affect* ya nomino ni kosa.

## Kuikagua kazi iliyokwisha

Kikagua tahajia cha kawaida hakikusaidii hapa. *Affect* na *effect* zote zimo katika kamusi yake, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu utakaotokea. Baadhi ya vikaguzi vya sarufi hukamata *has no affect*, lakini kwa *refunds will be affected* mara nyingi havina cha kushika.

Fungua kisanduku cha kutafuta, Ctrl+F, na uandike herufi hizi tano tu:

```
ffect
```

Ukiacha herufi ya kwanza nje, utazipata zote kwa mkupuo mmoja, *affect*, *effects*, *affected*, pamoja na *effective* na *affection* ambazo utaziruka. Pita moja baada ya nyingine bila kusoma aya nzima. Angalia neno moja mbele na neno moja nyuma, kisha ziba kwa kidole. Kwenye ukurasa mmoja wa ripoti kazi hii haizidi dakika moja au mbili, na nyingi zitajibika kwa *the*, *will* au *on* iliyo kando. Zinazobaki zikiwa zimegusana na *payment*, *transfer*, *change* au *refund*, hizo uzisome sentensi yote, uweke *make*, uone kama fedha inalipwa au inaguswa.